Ripoti ya mikopo iliyochelewa, kikundi cha Mbagala, hadi tarehe 30 Juni

Habari zenu wanakikundi. Mikopo iliyoko nje ni sh 18,400,000. Nikisema deni limechelewa nahesabu salio lote la mkopo, sio lile rejesho lililorukwa tu, maana ukihesabu rejesho tu mambo yanaonekana mazuri kumbe sivyo.

Wanaolipa vizuri: 13,900,000
Siku 1–30: 1,800,000
Siku 31–60: 1,200,000
Siku 61–90: 700,000
Zaidi ya 90: 800,000

Kwa hiyo iliyopita siku 30 ni 2,700,000, yaani asilimia 14.7, na hiyo ni kubwa jamani, tukizidi 10 tu inabidi tushtuke.

Hiyo 700,000 ni ya mwenzetu mmoja wa mama lishe, banda lake lilivunjwa mwezi wa nne, anakuja kila kikao na analeta elfu kumi kumi, huyo tumpangie upya. Ila kwenye zile 800,000 kuna 500,000 ya mtu aliyehama na simu hapokei, hapo wadhamini wake wawili wahusike wiki hii.

Makadirio ya kutenga kwa hasara: nimeweka asilimia 1, 10, 25, 50 na 100 kwa mpangilio huohuo, inakuja 139,000 + 180,000 + 300,000 + 350,000 + 800,000 = 1,769,000. Mfuko wa tahadhari una 950,000, pengo 819,000. Naomba tusigawane faida wala tusitoe mikopo mipya mikubwa mpaka pengo lizibwe.