Makabidhiano ya zamu: duka la Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga – Jumanne usiku kwenda Jumatano asubuhi

Kutoka: Shabani, zamu ya saa 8 mchana hadi saa 4 usiku
Kwenda: Dada Mwanahawa, zamu ya saa 12 asubuhi
Nakala: Bosi

Dada, shikamoo. Haya ndiyo yote tuliyoandikiana kwenye simu tangu alasiri, nimeyapanga upya baada ya kufunga duka na kuhesabu. Kwenye simu mambo yalichanganyika, hela katikati ya salamu, na hesabu nyingine nilikutumia kabla wateja wa usiku hawajamalizika. Ukiona tarakimu ya kwenye simu haifanani na ya hapa, shika ya hapa.

Ya kufanya kabla hujauza chochote

Usifungue mfuko mpya wa sukari. Usimlipe mteja wa shilingi 40,000 hadi salio la wakala lithibitishe. Maziwa yaliyofungwa kwenye mfuko mweusi chini ya friji si ya kuuza. Maelezo ya kila moja yako chini.

Hela ya droo

Nilianza na chenji ya 60,000. Mauzo ya taslimu kwa daftari ni 418,500, na madeni yaliyolipwa ni 27,000, jumla 505,500. Zilizotoka: mikate 24 kwa 1,300 ni 31,200, mkokoteni wa kuleta sukari kutoka Mgandini 4,000, Bosi alichukua 200,000 saa 1 usiku na ameweka saini. Jumla iliyotoka ni 235,200.

Ilitakiwa ibaki 270,300. Iliyomo ni 268,300:

10,000 × 14 = 140,000
5,000 × 13 = 65,000
2,000 × 16 = 32,000
1,000 × 22 = 22,000
500 × 13 = 6,500
200 × 10 = 2,000
100 × 8 = 800

Pungufu ni 2,000. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili Bosi alikuwa kwenye simu akisikiliza. Umeme ulikatika saa 12:40 jioni ukarudi saa 2:15 usiku, na muda huo ndio watu wanaotoka kazini walijaa dirishani, tukauza kwa tochi ya simu. Nadhani imepotelea kwenye chenji hapo, ila sina ushahidi, kwa hiyo nimeiandika kama pungufu na nimeiacha ionekane. Sikuiziba kwa hela yangu wala ya wakala. Nakuomba nawe usiizibe. Tukianza kuziba, siku droo ikipungua 20,000 hatutajua ilianzia wapi, na mimi nisingependa mtu yeyote kati yetu ashukiwe bure.

Sarafu za 100 na 200 ni chache. Wanaonunua sukari ya robo na mafuta ya kupima watakumaliza kabla ya saa 3. Konda wa daladala anayekunywa chai kwa jirani huwa anabadilisha asubuhi; mpe noti mapema.

Wakala

Mtaji ni 1,000,000: salio kwenye simu 628,000 na taslimu 372,000 kwenye kopo la bluu. Imetimia.

Saa 3 kasoro usiku alikuja dada mmoja wa Makorora kutoa 40,000. Simu yake ilionyesha ujumbe kwamba ametoa, yetu haikupokea kitu na salio halikusogea. Sikumpa hela. Alikasirika, nikamweleza taratibu, akakubali kurudi asubuhi. Nimeandika namba ya muamala na saa kwenye daftari la wakala, ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Akija, usiangalie ujumbe wa simu yake. Angalia salio letu. Likiwa limefika 668,000 na muamala wake upo kwenye orodha, mlipe, na kopo litabaki na 332,000. Likiwa bado 628,000, mpigieni huduma kwa wateja mkiwa pamoja, yeye akisikia. Mimi naamini anasema kweli, alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, ndiyo maana nakuomba umhudumie wa kwanza. Ila kulipa kwa ujumbe wa simu ya mteja ndiko kunakowamaliza mawakala, huruma au si huruma.

Sukari

Mfuko wa kilo 50 umefika saa 10 jioni ukiwa umeshonwa vizuri. Niliupima kabla kijana wa mkokoteni hajaondoka: kilo 48 na nusu. Nikaipima mizani yenyewe kwa jiwe la kilo 5, ikasoma 5 kamili. Nikaupima mfuko tena mbele yake, ikawa ile ile. Kilo moja na nusu kwa bei yetu ya 3,000 ni 4,500, yaani faida ya kuuza mfuko inaanza kuliwa kabla hatujaukata uzi.

Nimempigia muuzaji wa jumla. Amesema atatuma mtu saa 4 asubuhi aje na mizani yake. Mfuko uko nyuma ya kaunta, uzi wake haujaguswa, na picha ya mizani nimekutumia. Ukiufungua tu, hatuna la kudai. Uza wa zamani, una kama kilo 7. Ukiisha kabla hajafika, waambie wateja wasubiri.

Bidhaa nyingine

Sembe: mifuko 3 mizima ya kilo 25, na uliofunguliwa una kilo 9. Mchele wa Mbeya kilo 17. Mafuta ya kupima yamebaki kama lita 6, agiza dumu leo. Mayai trei 4 na 12 juu yake. Yaliyopasuka 3 nimeyatenga. Nazi 26, ndogo ndogo. Sabuni za mche zipo za kutosha, vocha zipo.

Gari la soda linapita asubuhi. Makreti matupu 5 yamejaa chupa zake 24 kila moja, yako mlangoni. Chupa 2 zimetoka kwa rehani ya 500 kila moja. Hiyo 1,000 iko kwenye kikombe cha plastiki na haimo kwenye hesabu ya droo.

Maziwa: pakiti 11 ni nzima, friji halikufunguliwa umeme ulipokatika na yalikuwa bado baridi. Pakiti 3 zimevimba. Hizo ndizo za mfuko mweusi. Bosi aziangalie mwenyewe kabla ya kutupwa.

Madeni

Mama vitumbua amechukua sukari kilo 3, akalipa 4,000 kati ya 9,000. Deni lake lote sasa ni 17,000 na mwisho wake ni 20,000. Atakuja saa 12 asubuhi kutaka mafuta. Mpe ya 3,000, usimrudishe mikono mitupu. Kila Jumamosi huwa analipa, na akikosa mafuta hana cha kuuza siku hiyo. Fundi cherehani anadaiwa 12,500 tangu wiki iliyopita, naye asiongezewe bila Bosi.

Duka lenyewe

Bati linavuja juu ya rafu ya sabuni. Nimeweka ndoo na kusogeza sembe juu ya mbao. Komeo la mlango wa nyuma limelegea, linahitaji skrubu mbili ndefu. Bosi amesema fundi atakuja mchana, hela yake itoke kwenye droo kwa risiti.

Funguo ziko kwa mama wa nyumba ya nyuma. Ukishahesabu droo na kopo la bluu, weka saini yako chini ya yangu kwenye daftari kabla hujafungua dirisha. Isipolingana, nipigie hapo hapo, hata kama nimelala.

Shabani
Jumanne, saa 4:35 usiku