Daftari Wazi: Kila Mwanachama Auone Mchango Wake kwenye Simu Yake

Kuanzia leo, programu ya Daftari Wazi inapatikana kwenye Google Play, na kazi yake ni moja: kumwezesha kila mwanachama wa chama cha akiba kuliona daftari la michango kwenye simu yake mwenyewe, papo hapo mweka hazina anapoliandika.

Tumeitengeneza hapa Nairobi kwa ajili ya vyama tunavyovijua: vya wauza mitumba wa Gikomba, vya majirani wa Umoja na Kayole, vya jamaa wanaokutana Jumapili alasiri baada ya ibada. Katika vyama hivyo michango hutumwa kwa M-Pesa, lakini hesabu bado hukaa katika daftari moja lililo mikononi mwa mtu mmoja, au katika orodha ya WhatsApp ambayo kila anayelipa huinakili, huweka alama ya vema mbele ya jina lake na kuituma upya. Wawili wakituma kwa pamoja, alama ya mmoja hupotea, na mwisho wa mwezi mtu aliyekwisha kulipa hudaiwa mbele ya wenzake. Kumfedhehesha mwanachama mwaminifu namna hiyo ni kumdhulumu, na mweka hazina anayeshukiwa bure huumia vivyo hivyo.

Katika Daftari Wazi, mweka hazina hunakili ujumbe wa M-Pesa na kuubandika, nayo programu husoma kiasi, tarehe na nambari ya muamala, kisha huviandika kwenye ukurasa wa aliyelipa, ambako wanachama wote huviona. Mchango ukirekebishwa baadaye, maandishi ya awali hayafutiki, bali hubaki chini yake pamoja na jina la aliyerekebisha na saa aliyofanya hivyo. Mwenye simu ya kabambe naye hakusahauliwa, kwa kuwa hupokea taarifa ya mchango wake kwa ujumbe mfupi.

Tungependa ieleweke pia kwamba Daftari Wazi haipokei wala haitunzi pesa za chama, na haitakuuliza kamwe nambari yako ya siri ya M-Pesa. Pesa zinabaki pale mlipokubaliana kuziweka.

Ili kuipakua, fungua Google Play kwenye simu yako ya Android, andika Daftari Wazi, kisha uchague programu yenye picha ya daftari la kijani lililofunuliwa. Kuipakua ni bure, nayo haizidi megabaiti 15. Haijafika kwenye App Store, kwa hiyo wenye iPhone watapokea taarifa zao kwa ujumbe mfupi kwa sasa. Ni vyema mweka hazina atangulie kuipakua na kusajili chama, kisha awatumie wenzake nambari ya mwaliko yenye tarakimu 6, ambayo kila mmoja ataiandika mara moja tu anapojiunga.