Barua ya kuomba kupunguziwa saa za kazi mwezi wa Ramadhani

Mwanahamisi Bakari,
Karani wa Ghala,
Makorora,
Tanga.

27 Januari 2026

Meneja,
Ghala la Vifaa vya Ujenzi,
Tanga.

Kupitia kwa: Msimamizi wa Ghala

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA SAA ZA KAZI KATIKA MWEZI MTUKUFU WA RAMADHANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuanza tarehe 18 au 19 Februari, kutegemea mwandamo wa mwezi. Kwa heshima kubwa naomba katika kipindi chote cha mfungo, hadi mkesha wa Idi, niruhusiwe kuingia kazini saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 9:00 alasiri, siku za Jumatatu hadi Ijumaa, badala ya saa 2:00 hadi saa 11:00 jioni. Saa ya mapumziko naomba iwe kuanzia saa 6:30 mchana, ili nipate kuswali Adhuhuri. Jumamosi nitaendelea na ratiba ya kawaida.

Katika kipindi hiki magharibi hapa Tanga huingia kama saa 12:40 jioni. Nikitoka saa 11:00 na kupanda daladala wakati huo wa msongamano, nafika nyumbani futari haijabandikwa jikoni. Ninaishi na mama mkwe wangu, ambaye umri wake haumruhusu tena kukuna nazi wala kusimama jikoni, lakini bado anafunga. Muhogo wa nazi na uji anaofuturu navyo vinanitegemea mimi. Baada ya hapo kuna tarawehe, kisha kuamka saa 10:00 usiku kwa ajili ya daku. Kumi la mwisho ibada huwa nyingi zaidi, na nisingependa nilipite nikiwa nimechoka kiasi cha kushindwa kusimama usiku.

Ndugu Meneja, nimeliangalia ombi hili kwa upande wa kazi pia. Malori ya saruji kutoka Pongwe hufika mapema, na mara nyingi madereva husubiri nje ya geti mpaka leja ifunguliwe saa 2:00. Nikiwepo saa 1:00, mifuko itahesabiwa na hati za kupokelea mzigo zitasainiwa kabla jua halijawa kali. Joto la kaskazi chini ya paa letu la bati unalifahamu. Wapakiaji wengi nao watakuwa wamefunga, na kubeba mifuko ya kilo 50 saa 1:00 ni tofauti kabisa na kuibeba saa 8:00 mchana. Kuanzia saa 9:00 kazi inayobaki ni wateja wachache wa rejareja na kufunga hesabu ya siku.

Kazi hiyo nimezungumza na mwenzangu wa mizani, naye ameridhia kuishika, ikiwa wewe na Msimamizi mtakubali. Yeye ni Mkristo, na mwaka huu Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, hivyo naye ataanza Kwaresima karibu siku moja na sisi. Nimemwahidi kumshikia zamu yake ya Jumamosi tarehe 4 Aprili, apate kujiandaa na Pasaka pamoja na familia yake. Kila siku kabla ya kutoka nitamkabidhi leja na funguo mbele ya Msimamizi, na simu yangu itakuwa wazi.

Naelewa kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na haimlazimishi mwajiri kupunguza saa kwa sababu ya mfungo. Kwa hiyo sidai haki. Naomba hisani yako. Kwa ratiba ninayoiomba nitafanya kazi saa 40 kwa wiki. Saa 5 zitakazopungua kila wiki niko tayari zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka, na kama uongozi utaona ni sahihi zaidi zikatwe kwenye mshahara, nitapokea uamuzi huo pia.

Kama muda wote huo hautawezekana, naomba angalau nifikiriwe kwa siku kumi za mwisho. Na ikitokea mzigo mkubwa wa dharura, nitabaki mpaka umalizike kupokelewa.

Nitashukuru kupata majibu kabla ya tarehe 13 Februari ili Msimamizi awahi kupanga zamu. Nipo tayari kufika ofisini kwako kwa maelezo zaidi wakati wowote utakaoniita.

Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Wako mtiifu,

Mwanahamisi Bakari
Karani wa Ghala

Nakala: Ofisa Rasilimali Watu