Safu ya Mzio

Saa nane usiku nilikuwa najaza daftari la zamu. Rekodi 48,210, sawasawa na jana. Makosa sufuri. Ila faili la orodha lilikuwa jepesi kuliko la jana kwa KB 54. Ningeweza kuandika na kurudi kwenye chai yangu. Lakini wagonjwa ni walewale, hakuna aliyefutwa. Sasa kilichopungua ni nini?

Nikafungua jedwali. Jina lipo, tarehe ya kuzaliwa ipo, mzio tupu. Anayefuata, tupu. Wa tatu, penisilini, nikashusha pumzi. Wa nne, tupu.

Kwetu asiye na mzio huandikwa `hana`. Safu ile haiachwi wazi.

```sql
SELECT COUNT(*) FROM wagonjwa WHERE mzio = '';
```

6,112. Nikasubiri usawazishaji wa saa nane na robo upite, nikauliza tena: 7,940. Yule wa tatu naye penisilini yake ilikuwa imekwenda.

Kwenye logi, kijani tupu:

```
02:15 sync OK, 1828 updated, 0 errors
```

Haikudanganya, ndilo lililoniudhi. Saa saba tawi moja lilibadilisha fomu, na fomu mpya haina kisanduku cha mzio. Programu ikaona pengo, ikalichukua kuwa jibu. Na kwa kuwa tarehe ya pengo ni mpya zaidi, pengo likashinda. Seva ya akiba nayo imeshanakili vilevile, kwa utiifu.

Saa tisa kamili nakala ya usiku ingeandikwa juu ya ile ya jana. Tunatunza moja tu tangu diski ijae. (Nililalamika. Iko kwenye daftari.)

Nilimpigia msimamizi mara tatu, hakupokea. Zamu ya usiku haizimi kitu bila ruhusa, imebandikwa ukutani mbele yangu. Saa nane na dakika ishirini na saba nikafungua `crontab -e`, nikaweka `#` mwanzoni mwa mistari miwili.

Simu ikaita.

"Umezima nini?"

"Usawazishaji, dada. Na nakala ya saa tisa."

"Nakala pia?"

"Ikipita tunafunika mazima kwa matupu."

Kimya. Nikasikia kitanda kikilia.

"Ya jana ipo?"

"Ipo. Nimeikagua, mizio yote imo."

"Usirudishe chochote mpaka nifike. Piga wodini."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Muuguzi wa usiku akiona pale hapana kitu, anasoma kwamba hapana kitu. Nikaanza na wodi ya kwanza, simu ikapokelewa papo hapo.

"Dada, safu ya mzio kwenye kompyuta msiiamini usiku huu. Angalieni faili la karatasi, au muulizeni mgonjwa mwenyewe."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa saba."

"Subiri," akasema. Nikasikia trei ya chuma ikiwekwa mezani, kisha viatu vyake, mbio, vikienda mbali na simu.