YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA SIKU SABA KWA AJILI YA IDI EL-HAJJ, TAREHE 25 HADI 31 MEI 2026

Shabani Issa Juma,
Mpima Ubora wa Maziwa,
Idara ya Ubora,
Arusha.

Jumatatu, 4 Mei 2026

Meneja wa Idara ya Ubora,
Kiwanda cha Maziwa,
Arusha.

K.K. Msimamizi wa Mapokezi ya Maziwa

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba likizo kuanzia Jumatatu tarehe 25 Mei hadi Jumapili tarehe 31 Mei 2026, ili niende nyumbani Kondoa kwa ajili ya Idi el-Hajj. Nitarudi kazini Jumatatu tarehe 1 Juni, zamu ya alfajiri. Siku hizo naomba zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Kati ya siku 28 nimeshatumia 10, kwa hiyo nikipewa hizi 7 nitabakiwa na 11.

Najua Idi ni sikukuu ya kitaifa na tutapumzishwa hata nisipoandika barua. Lakini ng'ombe hawajui sikukuu: maziwa yatafika getini siku hiyo kama siku nyingine, na mpimaji lazima awepo. Pia siku moja hainitoshi kufika Kondoa na kurudi. Mwaka jana tulimzika mzee wetu, na mimi ndiye mtoto mkubwa. Udhia aliyokuwa akiisimamia yeye mwaka huu inanihusu mimi. Tumeshachangishana watu saba kununua fahali mmoja, kama dini inavyoruhusu, na wenzangu wote wananitazamia mimi. Kuchinja ni baada ya swala ya Idi, kisha nyama inagawanywa sehemu kwa sehemu: ndugu, majirani (Waislamu na Wakristo, pale kwetu hatuulizani), na wasiojiweza. Kazi hiyo haimaliziki mchana mmoja. Kabla ya hapo kuna funga ya Arafa, siku ya kuamkia Idi, ambayo nisingependa kuifunga nikiwa ndani ya basi la Babati.

Kuhusu tarehe naomba nieleze vizuri, maana hapa ndipo ratiba zetu hukwama kila mwaka. Idi inatarajiwa Jumatano tarehe 27 au Alhamisi tarehe 28 Mei, kutegemea mwezi wa Mfunguo Tatu utakavyoandama. Mimi na familia yangu tunafuata tangazo la Mufti. Uzuri wa Idi hii, tofauti na ile ya Ramadhani inayojulikana usiku wa kuamkia sikukuu, ni kwamba mwezi ukishaandama bado kuna siku tisa mbele. Nitakujulisha tarehe kamili mara tu itakapotangazwa, na natumaini itakuwa si zaidi ya Jumanne tarehe 19 Mei. Siku nilizoomba zinatosha kwa tarehe yoyote kati ya hizo mbili, hivyo tangazo halitabadilisha ombi langu.

Hamisi yeye anafuata Makka, na ameniambia ataswali Idi Jumatano hata kama sisi wengine tutaswali Alhamisi. Nalitaja hili mapema ili lisije likaonekana kwamba Waislamu wawili wa idara moja wanataka Idi mbili. Yeye anabaki Arusha, haombi likizo. Anaomba tu asipangwe alfajiri ya Jumatano, na kuanzia saa 7 mchana atakuwa kazini.

Kabla ya kuandika nimekaa na wenzangu watatu tukaangalia zamu siku kwa siku, na hivi ndivyo tulivyokubaliana. Neema ana Pentekoste Jumapili tarehe 24, hivyo siku hiyo nitafanya mimi zamu yake ya alfajiri na kusafiri kesho yake. Jumatatu na Jumanne, Elibariki atapokea alfajiri na Neema mchana. Jumatano Elibariki atafanya alfajiri, Hamisi mchana. Alhamisi ni Neema alfajiri, Hamisi tena mchana.

Ijumaa na Jumamosi ndizo zilizotusumbua. Hamisi ana swala ya Ijumaa katikati ya mchana, na Elibariki ni Msabato: jua likizama Ijumaa hapangwi mpaka lizame Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa Elibariki atafanya alfajiri na kutoka saa 7, mapema kabisa kabla ya Sabato yake, na Neema atapokea mchana. Jumamosi Neema atafanya alfajiri na Hamisi mchana. Neema atatoka Ijumaa usiku na kurudi alfajiri; nilimwambia hilo ni zito, akasema usiku mmoja hautamuua, ila anaomba gari la wafanyakazi limfuate nyumbani asubuhi hiyo. Naomba ombi lake lizingatiwe. Jumapili tarehe 31 Elibariki atafanya alfajiri, Hamisi mchana, na Neema ataenda kanisani kama kawaida. Wote watatu wamesaini ratiba niliyoambatanisha.

Atakayekuwa zamu siku itakayotangazwa kuwa sikukuu naomba aandikiwe malipo ya sikukuu, yaani mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyoagiza. Mimi nikiwa likizo, siku hiyo itahesabika ndani ya siku zangu saba. Sheria ndivyo inavyosema, na sina pingamizi.

Kwa upande wa kazi, laktomita mbili za mapokezi nitazihakiki Jumamosi tarehe 23. Spiriti ya kipimo cha alkoholi iliyobaki inaelekea kuisha wiki hiyohiyo, na nimeshajaza fomu ya kuagiza nyingine. Mzigo unaohitaji jicho la karibu ni ule wa kituo cha pili barabara ya Moshi: mwezi uliopita madumu yake mawili yaliganda kwenye kipimo cha alkoholi ilhali harufu ilikuwa safi kabisa. Nimewaomba wenzangu wasiupitishe kwa kunusa tu, bali wapime kila dumu peke yake kabla halijamiminwa kwenye tangi.

Ikitokea kwamba siku saba haziwezekani, naomba angalau Jumanne tarehe 26 hadi Ijumaa tarehe 29. Idi ikiwa Alhamisi nitachinja siku hiyohiyo, nyama nitawaachia wadogo zangu wagawe, nami nipande basi la Ijumaa asubuhi. Chini ya hapo nadhani ni bora nisiende, nikaitumia siku yangu ya Idi hapahapa mjini.

Krismasi iliyopita nilikaa mapokezi tarehe 25 na 26 Desemba ili Neema na Elibariki waende kwao, na Ijumaa Kuu nikafanya hivyo tena. Sisemi hivi kama mtu anayedai deni. Wao wenyewe ndio walioanza kuniuliza safari hii naenda lini. Nasema ili ionekane kwamba utaratibu huu tumeshauzoea na haujawahi kuacha lori likisubiri getini. Ingefaa tu, kama utaridhia, sikukuu zetu zote ziandikwe kwenye ubao wa zamu tangu Januari, zile za mwezi ziwekewe alama ya makadirio, kuliko kila mmoja kuja na barua yake wiki ya mwisho.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa tarehe 15 Mei, kwa kuwa tiketi za wiki ya Idi hugombewa. Nikiwa Kondoa simu yangu itapatikana asubuhi na jioni. Kijijini mtandao husumbua, hivyo namba ya mdogo wangu nimemwachia Neema.

Natanguliza shukrani.

Wako katika kazi,

Shabani Issa Juma
Mpima Ubora wa Maziwa

Kiambatisho: Ratiba ya zamu, 24 hadi 31 Mei 2026
Nakala: Ofisi ya Utumishi