Orodha ya ukaguzi wa trakeostomi: kitanda 7, wodi ya upasuaji

Mwanaume, miaka 46, ajali ya bodaboda, jeraha la kichwa. Leo ni siku ya 4 tangu atobolewe shingo. Mrija namba 8, una puto na mrija wa ndani. Njia ya juu ya hewa iko wazi. Tundu bado bichi: hilo ndilo la kukabidhiana kwanza.

Unapopokea zamu
☐ Gusa kila kitu, usikubali kuambiwa "vipo": mrija wa akiba namba 8 na namba 7, kipanuzi cha tundu, sirinji ya mililita 10, mkasi, ambu begi, barakoa ya mtu mzima na ya mtoto.
☐ Washa saksheni, ziba mpira kwa kidole gumba, soma geji: 80–120 mmHg. Wiki iliyopita chupa ilikutwa imejaa pomoni, na mgonjwa tayari anakoroma.
☐ Puto: 20–30 cmH2O.

Kufyonza makohozi
Fyonza anapohitaji: anabubujika, anahangaika, oksijeni inashuka.
☐ Mweleze, hata kama hajibu. Mwongezee oksijeni kwanza.
☐ Katheta namba 12, glavu safi. Ingiza bila kufyonza, fyonza ukitoa, isizidi sekunde 10.
☐ Mpumzishe kabla ya kurudia. Usimwagie salaini ndani ya mrija.
☐ Andika rangi, uzito wa makohozi, damu.

Mrija wa ndani
☐ Ukague kila saa 4. Safisha kwa brashi na maji salama, usiuloweke; utazame kwenye mwanga kabla ya kuurudisha.
☐ Kamba hubadilishwa na watu wawili, mmoja ameshika mrija muda wote. Kidole kimoja kipite chini yake.

Unyevu
☐ Kichujio cha unyevu kila saa 24, au mapema kikichafuka. Makohozi yakiwa mazito kama gundi, mpe nebulaiza ya salaini mililita 5 na umjulishe daktari.

MRIJA UKICHOMOKA AU UKIZIBA
1. Piga kelele. Aitwe daktari wa usingizi na wa masikio, pua na koo.
2. Oksijeni ya juu usoni NA shingoni.
3. Toa kichujio na mrija wa ndani.
4. Pitisha katheta laini. Ikipita, fyonza. Ikigoma, usilazimishe, wala usikamue ambu begi kupitia mrija huo: hewa itajaa chini ya ngozi.
5. Ikigoma, toa hewa kwenye puto. Hapati nafuu? Chomoa mrija wote.
6. Hapumui: ziba tundu kwa gozi, mpe pumzi kwa ambu begi mdomoni. Ikishindikana, barakoa ya mtoto juu ya tundu.
7. Hana mapigo: kandamiza kifua, 30 kwa pumzi 2.

Usirudishe mrija mwenyewe kwa kubahatisha. Ukiuingiza kando ya njia ya hewa, kwa nje utaonekana umekaa sawa kabisa.