Machela Jikoni

Saa moja jioni, sijamaliza kufunga vifungo vya koti, sista mkuu akaniita: "Mwanangu, chukua machela, kimbia jikoni!"

Jikoni? Miaka 6 nasukuma machela hapa Jinja, sijawahi kuipeleka kule nyuma wanakopikia wauguzaji.

Nikamkuta mama kati ya mafiga, uchungu umemshika akimmenyea matoke mumewe aliyelazwa. Bibi mmoja alikuwa amemkunjia kanga chini ya kichwa. Gurudumu likazama kwenye majivu. Wanawake wanne wakainua machela pamoja nami, Mungu awabariki.

"Polepole, baba," akaninong'oneza, kanishika mkono kwa vidole vyeusi vya utomvu wa ndizi.

Nilikuwa bado mlangoni mwa leba mtoto alipolia.